Skeli Moja Haitoshi: Jinsi ya Kuisoma Karatasi ya Jazi

Mpe karatasi ya jazi mpiga kinanda wa hapa Mombasa, na mara nyingi utasikia swali moja tu: "Hii iko ki gani?" Akijibiwa kwamba ni G maina, basi, yamekwisha. Skeli ya G maina inashikwa, vidole vinaachiwa, na solo inapanda na kushuka mpaka mpiga dramu achoke. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapojipoteza wenyewe. Ki hukwambia uko mji gani. Zile alama zilizoandikwa juu ya mistari, yaani kodi, ndizo zinazokwambia uko mtaa gani na kona iko wapi.

Siwalaumu sana, kwa sababu tabia hiyo ina asili yake. Mpiga udi au kanuni anayefungua wimbo wa taarabu kwa taksimu hubuni ndani ya makamu. Hana kodi zinazobadilika chini yake, kwa hiyo skeli ndiyo nyumba yake yote na anajua kila pembe. Waliokulia kanisani nao wamezoea kutajiana moja, nne, tano, na wimbo ukarudi nyumbani upesi. Jazi inataka kitu kingine.

Karatasi yenyewe ni nyepesi, aghalabu ukurasa mmoja. Ina melodia kwa noti na kodi juu yake. Besi haikuandikwa, wala mkono wa kushoto wa kinanda, wala dramu. Bendi hupiga melodia mara moja, halafu kila mtu hupewa zamu ya kubuni huku kodi zilezile zikizunguka kwa mpangilio uleule na urefu uleule, kisha melodia hurudi. Mwenye solo anaruhusiwa kuiacha melodia. Mzunguko wa kodi hauachi.

Chukua wimbo ambao karibu kila anayeanza jazi hukutana nao: ule wa Joseph Kosma wa mwaka 1945, unaojulikana zaidi kwa jina la Autumn Leaves. Ukitaka kuusikia kwa G maina, tafuta rekodi ya Cannonball Adderley akiwa na Miles Davis ya mwaka 1958. Vipimo vyake vinane vya kwanza, kila kimoja mapigo manne, vinakwenda hivi:

```
Cm7   | F7 | Bbmaj7 | Ebmaj7 |
Am7b5 | D7 | Gm     | Gm     |
```

Hiyo b ndogo ni flati. Ukivitazama kwa haraka utaona majina saba ya kodi na utaanza kuogopa. Tazama tena. Ni safari mbili. Vipimo vitatu vya kwanza vinakupeleka B flati meja, na cha nne ni cha kuvukia. Kuanzia cha tano unapelekwa G maina, na cha nane ni cha kupumua. Ukiona kodi ya maina, kisha kodi yenye 7 iliyo noti ya nne ukipanda na kuhesabu kuanzia hiyo ya maina, jua kuna mahali unapelekwa. Msomaji mzoefu hasomi kodi moja moja, anasoma safari.

Sasa, utajuaje kwamba umegeuka kona pale inapotakiwa? Kila kodi ina noti mbili zinazoitambulisha: ya tatu na ya saba, ukihesabu kutoka ile ya chini. Noti ya chini mwenye besi keshaipiga, ya tano haisemi mengi. Katika Cm7, ya tatu ni Eb na ya saba ni Bb. Ikija F7, ile Eb haisogei, inageuka kuwa ya saba ya F7, na ile Bb inashuka nusu hatua kuwa A, ya tatu. Ikija Bbmaj7, A inabaki na Eb inashuka nusu hatua kuwa D. Kwa hiyo katika kila badiliko noti moja inasubiri na nyingine inashuka. Huo ndio uzi wa kuushika.

Na hapa ndipo Kosma alipofanya kazi ya fundi. Imba melodia yake na uangalie noti ndefu zinapotua: Eb, D, C, Bb. Ni za tatu za Cm7, Bbmaj7, Am7b5 na Gm. Ramani ilikuwa ndani ya wimbo wenyewe kabla hujaanza kubuni chochote.

Nilimwonyesha jambo hili kijana mmoja mpiga kinanda kwenye mazoezi, tukiwa tunasubiri stima irudi. Nikampa kifungu hiki, noti moja kwa kila pigo:

```
Cm7: C Eb G Bb | F7: A G F Eb | Bbmaj7: D
```

Akapiga, akakunja uso. "Kaka, mbona hizi zote zimo kwenye skeli yangu?"

Kweli zimo. Tofauti ni mahali zinapoangukia. Bb inagonga ukuta wa kipimo na kushukia A pale pale F7 inapoingia. Eb inashukia D pale pale Bbmaj7 inapoingia. Msikilizaji asiyejua hata jina la noti moja anasikia kitu kimefika. Nikampa safari ya pili, yenye umbo lilelile:

```
Am7b5: A C Eb G | D7: F# Eb D C | Gm: Bb
```

Hapa skeli yake ilimkatalia, kwa sababu F shapu haimo katika skeli ya kawaida ya G maina. Mwenye skeli moja hupiga F tupu juu ya D7, na kinanda kikiwa kinashikilia F shapu, noti hizo mbili hukwaruzana. Wapigaji wa bluzi huutumia mkwaruzo huo kwa makusudi, na unapendeza. Lakini ukitokea kila mara katika kipimo cha sita bila wewe kujua, si bluzi, ni kwamba hukuiona kodi.

Kipimo cha kujipima ni rahisi, ila kinaumiza. Jirekodi ukipiga solo peke yako, bila besi wala dramu, halafu usikilize huku unaitazama karatasi. Je, unasikia F7 ikiingia? Je, D7 inarudi Gm? Kama sivyo, acha skeli kwa wiki kadhaa na upige noti mbili tu kwa kila kipimo, ya tatu na ya saba, polepole, mpaka zitoke bila kutazama. Baadaye ndipo uzizungushie noti nyingine, uzicheleweshe au uzitangulize nusu pigo.

Karatasi nayo ina mipaka yake. Imeandikwa kwa sauti halisi ya kinanda, kwa hiyo mwenye saksafoni ya teno au tarumbeta atasoma A maina na mwenye alto E maina. Wasipopewa karatasi zao, mtagombana bure. Kuna na vitabu vinavyouandika wimbo huuhuu kwa E maina tangu mwanzo, na vipimo vinane vya mwisho huandikwa kwa kodi tofauti kutoka kitabu hadi kitabu. Hakikisheni mnasoma karatasi moja kabla ya kuhesabu nne. Mkigundua tofauti wimbo ukiwa umeshaanza, mfuateni mwenye besi, hata kama karatasi yake ndiyo mbovu, kwa sababu noti yake ya chini ndiyo itakayoamua ile A yako ni ya tatu au ni ya saba.