Mtandao wa Neva au Zao la Nukta: Tatizo Liko Kwenye Sampuli

Mwaka 2017 Xiangnan He na wenzake walihoji desturi ya muda mrefu katika mifumo ya mapendekezo, yaani programu zinazokisia mtumiaji atapenda nini. Kwa desturi hiyo, kila mtumiaji na kila filamu hupewa vekta, yaani orodha ya namba, kisha namba za vekta hizo mbili huzidishwa jozi kwa jozi na kujumlishwa, na jumla hiyo, yaani zao la nukta, huwa ndiyo alama ya mvuto. Wao waliziunganisha vekta hizo na kuzipitisha katika tabaka za mtandao wa neva, yaani modeli ya kompyuta inayojifunza kutokana na data, kwa hoja kwamba mtandao ungejifunza uhusiano ambao kuzidisha na kujumlisha hakuwezi kuubeba.

Hoja hiyo ina mantiki, lakini mwaka 2020 Steffen Rendle na wenzake walirudia majaribio kwa data zilezile, wakaonyesha kwamba zao la nukta lililorekebishwa kwa uangalifu kwa ujumla hulishinda umbo hilo la tabaka. Isitoshe, zao la nukta huruhusu kutafuta kwa haraka miongoni mwa mamilioni ya vitu, ilhali mtandao hulazimika kukokotoa kila jozi upya.

Kwa maoni yangu, ubishi huu wa maumbo umefunika jambo zito zaidi. Data zenyewe ni za matendo tu: fulani alitazama filamu hii. Hakuna anayesema hakuipenda ile, kwa hiyo wakati wa mafunzo filamu ambazo hajazitazama huchaguliwa kwa bahati nasibu, mathalani nne kwa kila moja aliyoitazama, na kuhesabiwa kuwa mifano hasi. Baadhi yake angezipenda kama angezijua. Kosa hilo huvumilika, kwa sababu sampuli hubadilika kila mzunguko.

Lisilovumilika kirahisi ni sampuli ya upimaji. Katika majaribio ya 2017, filamu moja aliyoitazama mtumiaji, iliyofichwa wakati wa mafunzo, ilishindanishwa na 100 tu za bahati nasibu ambazo hajazitazama, na ikiingia katika kumi bora, modeli ilihesabiwa kuwa imefaulu. Chukua mtumiaji aliyebakiwa na filamu 3,500 za kupangwa, na modeli inayoiweka filamu sahihi nafasi ya 200. Zilizoitangulia ni 199, karibu asilimia 6 ya zote. Katika sampuli ya 100 tutarajie sita hivi, na filamu yetu itaangukia nafasi ya saba. Kipimo kitasema imefaulu, ingawa mtumiaji halisi asingeiona kamwe. Hata marudio ya 2020 yalifuata utaratibu huo ili ulinganisho uwe wa haki, kwa hiyo ushindi wa zao la nukta nao usomwe kwa tahadhari.

Mtandao wa neva bado una nafasi pale penye taarifa za ziada, kama saa na aina ya kifaa, ukipanga upya mamia machache ya vitu ambavyo zao la nukta limekwisha kuvichuja. Hata hapo, upimwe dhidi ya orodha nzima.