Upungufu wa Mali Dukani Si Ushahidi wa Wizi

Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Tandika alinijia mwaka jana akiwa na faili mkononi na hasira tele moyoni. Alikuwa amekata bima ya uaminifu wa wafanyakazi, ile inayomfidia mwajiri anapoibiwa au kutapeliwa na mtu aliyemwajiri mwenyewe, na kikomo chake kilikuwa shilingi 5,000,000 kwa kila mfanyakazi. Alipohesabu mzigo baada ya muuzaji wake kutoweka, alikuta pungufu la shilingi 9,400,000, na kwa kuwa hasara ilizidi kikomo, alitarajia kulipwa milioni 5 kamili. Kampuni ikamjibu kwamba hesabu ya stoo peke yake haithibitishi dai.

Nimefanya kazi ya kushughulikia madai ya bima kwa miaka kadhaa, na katika hili niko upande wa kampuni, ingawa lawama yangu kwa wakala aliyemuuzia bima bila kumfafanulia jambo hili bado ipo. Mikataba mingi ya aina hii hutamka wazi kwamba hasara inayojulikana kwa kulinganisha daftari na mali iliyopo rafuni tu haifidiwi. Sababu yake inaeleweka: mzigo unaweza kupungua kwa sababu mfuko wa saruji umepasuka, msambazaji ameleta pungufu, bidhaa imeandikwa mara mbili au mteja ameiba. Bima hii inahusu kitendo cha udanganyifu cha mfanyakazi fulani, kilichotendeka akiwa kazini na ndani ya muda wa kinga, kwa hiyo ni lazima kitendo chenyewe kionekane.

Kwa hiyo tulikaa siku tatu na makaratasi. Kwa siku moja ya mwezi Machi tulipata karatasi ya kutolea mzigo yenye saini ya muuzaji, ikionyesha mifuko 60 ya saruji imetoka. Fundi aliyeichukua alitutolea ujumbe wa malipo katika simu yake: shilingi 960,000, zilizokwenda kwenye namba binafsi ya muuzaji badala ya lipa namba ya duka. Kitabu cha mauzo cha siku hiyo hakikuwa na mauzo hayo, wala mashine ya risiti haikuyatoa. Mzigo ulitoka, fedha zikamfikia mfanyakazi, duka halikupata kitu. Mkadiriaji hasara hana haja ya kukisia hapo. Kwa njia hiyo hiyo, na kwa maelezo ya maandishi ya wateja wengine wawili, tulifikisha shilingi 3,860,000.

Kampuni ilikubali kiasi hicho, ikaondoa mshahara wa shilingi 250,000 ambao muuzaji alikuwa bado hajalipwa, kwa kuwa mkataba humtaka mwajiri auzuie na kuupunguza katika hasara. Katika 3,610,000 zilizobaki, asilimia 10 ilikuwa sehemu ambayo mwenye bima huibeba mwenyewe, yaani 361,000. Alilipwa 3,249,000. Zile milioni 5 na ushei ambazo hazikuwa na karatasi zilipotelea hapo, na sioni namna ambayo zingelipwa kwa haki.

Watu huniuliza kama ni lazima mfanyakazi ahukumiwe kwanza. Kwa kawaida si lazima. Taarifa ya polisi hutakiwa mapema, lakini dai la bima hupimwa kwa kuangalia lipi lina uwezekano mkubwa zaidi, si kwa kiwango kizito cha kesi ya jinai. Kinachoniudhi ni ile tabia ya wenye maduka kumfungia mtu stoo usiku mpaka aandike kwamba ameiba. Karatasi ya namna hiyo haina uzito, na inaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Vilevile, kukubaliana na mfanyakazi alipe kidogo kidogo na kumsamehe sehemu iliyobaki, bila kuitaarifu kampuni, kunaweza kuharibu dai, kwa sababu kampuni ikishakulipa ina haki ya kumdai yeye.

Dai la jirani yangu lilikaribia kuanguka kwa jambo jingine kabisa. Katika fomu ya maombi alikuwa amejaza kwamba mali huhesabiwa kila mwezi, na jibu hilo huwa sehemu ya mkataba, ilhali alikuwa akihesabu mara 1 kwa mwaka. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa analinganisha fedha na kitabu kila jioni kama alivyoahidi, na kampuni ikaridhika kwamba wizi wa aina hii, usiopita kabisa kitabuni, ulifichika hata mbele ya ulinganishaji huo wa jioni. Kampuni nyingine ingeweza kukataa, na ingekuwa na hoja.

Juzi alileta fomu ya mwaka mpya tuijaze pamoja. Alipofika kwenye swali la kuhesabu mali alinyamaza kidogo, kisha akaandika: kila baada ya miezi 3.