Picha ipi iwekwe lebo kwanza? Hesabu ya kundi la nyumbu

Wanaotetea ujifunzaji amilifu, yaani kuiachia modeli ya kompyuta ichague picha za kuwekewa lebo badala ya watu kuzichota kwa bahati nasibu, wana ushahidi mzito kutoka Serengeti. Mwaka 2021 Norouzzadeh na wenzake walionyesha kwamba lebo 14,100 zilitosha kufikia usahihi uliokuwa umepatikana kwa picha milioni 3.2 za Snapshot Serengeti, mradi wa kamera zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Kazi ya lebo ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99.5.

Ila picha zile zilipitia kwanza kigunduzi kilichokwisha kufunzwa, kikawakata wanyama kutoka kwenye mandhari. Kilichobaki kilikuwa kutaja spishi tu. Anayefunza kigunduzi chenyewe ana kibarua kingine: kila mnyama achorewe kisanduku chake, na malipo hufuata visanduku, si picha.

Tuseme picha moja ina nyumbu 40, na modeli ina uhakika wa 0.9 kwa kila mmoja. Shaka ni 0.1 kila kisanduku. Ukijumlisha unapata 4. Picha ya pili ina nyegere mmoja, uhakika 0.45, shaka 0.55. Ukipanga picha kwa jumla ya shaka, nyumbu wanashinda, nawe unalipia visanduku 40 vya mnyama ambaye modeli inamfahamu vizuri. Ukichukua shaka kubwa kuliko zote katika kila picha, nyegere anapita mbele kwa kisanduku kimoja. Hapo njia hii inalipa kweli, kwa sababu picha nyingi za kamera hizi hazina mnyama kabisa, na nyegere ungemsubiri sana kwa bahati nasibu.

Lakini shaka kubwa huvuta pia ukungu, nyasi za usiku na manyoya yaliyogusa lenzi, vitu ambavyo hata mwekaji lebo hawezi kuvitaja. Tena kamera hupiga picha kadhaa mfululizo: picha tatu za fisi yuleyule zote zitachaguliwa usipozuia kila mfululizo kutoa zaidi ya moja.

Kinachonisumbua zaidi ni mnyama ambaye kigunduzi hakimwoni hata kidogo. Hakuna kisanduku, kwa hiyo hakuna shaka, na picha yake haitachaguliwa kamwe. Mizunguko ya kuchagua picha na kuifunza modeli upya itapita, na modeli ikizidi kujiamini juu ya upofu wake. Ndiyo maana ningeacha robo ya kila fungu la picha za kuwekewa lebo ichotwe kwa bahati nasibu, hata kama watetezi wataiita hasara. Picha za majaribio, zile za kupimia modeli, nazo zichotwe hivyo hivyo, zote, kabla ya mzunguko wa kwanza. Kisha mchoro wa maendeleo uchorwe dhidi ya idadi ya visanduku. Ukichorwa kwa idadi ya picha, lile kundi la nyumbu litahesabiwa kama picha moja tu.