Chuma ni jina langu, Mlimani si langu

Wageni wakija hapa kwetu Ipuli wakaona cheti cha mbwa wangu swali ni lile lile, mbona mnamwita Chuma wakati karatasi inasema Mlimani Baraka? (Mlimani nimeliweka tu hapa badala ya jina halisi la banda, sijaomba ruhusa ya kumtangaza mfugaji wake.) Nilikuwa najibu kifupi tu, ila tangu jirani yangu afanye alichofanya mwaka jana nimeona niandike kabisa.

Mlimani ni jina la banda alilosajili mfugaji kwenye chama cha mbwa, ni lake peke yake na hakuna mwingine anaruhusiwa kulitumia. Linatangulia kwenye jina la kila mtoto anayezaliwa kwake. Baraka ndo jina la huyu mmoja, na lilianza na B kwa sababu mfugaji anafuata utaratibu wa Wajerumani, uzao wa kwanza wa banda wote majina yanaanza na A, wa pili B, hivyo hivyo, kwahiyo ukiona tu jina unajua katoka uzao wa ngapi. Mi nilimkuta na jina hilo tayari. Kumnunua kumenipa mbwa, hakujanipa jina la banda.

Chuma sasa ndo jina la kumuitia, nililichagua mwenyewe na halimo kwenye cheti. Hili halina sheria, kikubwa liwe fupi na lisifanane na amri. Rafiki yangu alimwita jike lake Lola, akisema "lala" mbwa anakuja, akisema "Lola" analala, wakahangaika karibu mwezi mpaka akalibadili. Chuma ukimwita Mlimani Baraka hata sikio hatikisi, ila sema Chuma hata kwa sauti ya chini akiwa nyuma ya nyumba, ashafika getini.

Sasa jirani. Ana jike zuri tu la mchanganyiko, halina karatasi, akaomba Chuma ampande nikakubali, wakazaliwa sita. Baada ya miezi miwili naona anawauza kwa majina ya Mlimani Shujaa, Mlimani Malkia, na bei imepanda kweli kweli. Nikamfuata nikamwambia kaka hapa umekosea, akanijibu "si baba yao ni Mlimani?" Jamani hapana. Jina la banda haliendi kwa damu ya dume kama ukoo wetu sisi unavyoenda kwa baba. Mfugaji anayehesabika ni mwenye jike siku watoto wanazaliwa. Hata Chuma angepanda jike lenye cheti la mtu wa Kigoma, watoto wangebeba jina la banda la huyo wa Kigoma, na kama hana wangesajiliwa bila jina la banda, Chuma angeandikwa tu sehemu ya baba. Na kwa hawa sita hata huko hatufiki, maana mama hana cheti na usajili wa ukoo unataka wazazi wote wawili wawemo kwenye kitabu cha usajili cha chama.

Kilichoniuma zaidi ni yule mfugaji. Mmoja wa wale akija kuwa na nyonga mbovu au akang'ata mtoto, watu watasema mbwa wa Mlimani ndivyo walivyo, na yeye hata hajui kama wamezaliwa.

Kuna watu wanasema mnunuzi anaweza kubadili jina lote, wananiletea habari ya Horand von Grafrath, mbwa namba 1 kwenye kitabu cha German Shepherd. Kweli, alikuwa anaitwa Hektor Linksrhein, Max von Stephanitz akamnunua mwaka 1899 akambadili jina lote. Lakini hicho kitabu ndo kilikuwa kinaanza na yeye Stephanitz ndo alikuwa anakianzisha. Siku hizi Uingereza kwa mfano, mbwa uliyemnunua unaweza kuomba jina la banda lako liongezwe mwishoni, mwanzoni panabaki pa aliyemzalisha.

Ukitaka kununua usiangalie jina peke yake. Omba cheti cha huyo huyo mtoto, cha baba yake hakitoshi, kisha mwenye mashine ya kusomea apitishe shingoni na mabegani asome chipu iliyo chini ya ngozi, tarakimu zake 15 zilingane na za kwenye cheti moja baada ya nyingine. Hapo hapo angalia mama ni nani na mfugaji aliyeandikwa ni nani, umpigie.

Na mi nilishakosea upande wa pili. Kadi ya chanjo niliandikisha "Chuma" tu, siku nataka kumsafirisha nikaambiwa kadi ya Chuma na cheti cha Baraka ni mbwa wawili, nikarudi nyumbani na mbwa wangu. Kadi mpya inasomeka Mlimani Baraka, anaitwa Chuma, na namba ya chipu chini yake.