Unga wa Kahawia Usio na Jina

Desemba iliyopita, watu walipokuwa wakirejea nyumbani uchagani kwa ajili ya Krismasi, nilikuta mfuko wa khaki katika stoo ya mama mkubwa huko Kibosho, juu kidogo ya Moshi mjini. Ulikuwa na unga wa kahawia wa kama kilo 2, umefungwa kwa uzi wa katani, na haukuwa na neno lolote juu yake. Mama mkubwa alikuwa ameshahamia Arusha kwa mwanawe, hivyo hakukuwa na wa kuulizwa pale pale. Dada yangu aliuangalia, akasema ni unga wa ulezi, akakoroga kikombe kimoja katika lita moja ya maji ili watoto wapate uji. Baada ya dakika 20 za kukoroga, sufuria ilikuwa bado na maji ya kahawia yasiyoshika. Dada akaamua kwamba ulezi ule umezeeka na unafaa kupewa kuku. Shemeji akasema hapana, ule ni mtama mwekundu, kwa sababu rangi yake imeelekea kwenye wekundu.

Mimi nilikataa maamuzi yote mawili, na sababu ya kuandika makala haya ni kwamba makosa yao nayaona katika nyumba nyingi. Tunahukumu unga kwa rangi, na rangi ndiyo dalili dhaifu kuliko zote. Ulezi wenyewe una aina nyekundu iliyokoza, ya kahawia, na hata nyeupe. Mtama nao ni hivyo hivyo. Unga uliosagwa pamoja na ganda huwa mweusi zaidi kuliko uliokobolewa, na unga uliotokana na nafaka iliyokaangwa kidogo hubadilika tena. Mtu anayesema "huu ni ulezi, nauona kwa rangi" kwa kweli anasema tu kwamba unga huo si sembe.

Nafaka ikiwa nzima, kazi ni nyepesi, na ndiyo maana wauzaji wa soko la Mbuyuni hawabahatishi. Punje ya ulezi ni ya mviringo, ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu, na ukiisugua kati ya viganja inaachia ngozi nyembamba kama karatasi inayopeperuka kwa pumzi. Mtama ni mkubwa maradufu au zaidi, umebonyea kidogo upande mmoja, na una alama nyeusi pale ulipokuwa umeshikamana na suke. Uwele hauwezi kukuchanganya kama una subira, kwa kuwa umechongoka upande mmoja mfano wa tone la maji. Anayefanana na ulezi hasa ni haradali ya kahawia, ambayo ina ukubwa ule ule na umbo lile lile la mviringo. Ponda punje chache kwa mgongo wa kijiko juu ya karatasi: ulezi hutoa unga mweupe mkavu, ilhali haradali ni ya manjano ndani na huacha doa la mafuta. Ukitia tone la maji baridi kwenye haradali iliyopondwa, baada ya dakika chache harufu yake kali hupanda puani, jambo ambalo halitokei ikiwa kavu wala ikitiwa maji ya moto. Kwa hiyo hata hapo hakuna haja ya kuonja.

Kuhusu kuonja nina msimamo mkali kidogo. Katika stoo za wakulima kuna dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka, na kuna mbegu za kupanda zilizopakwa dawa kwa rangi ya waridi, nyekundu, kijani au buluu. Mtama wa mbegu uliopakwa dawa nyekundu, ukiuona katika mwanga hafifu, utadhani ni mtama mwekundu wa kawaida. Kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji kikisuguliwa kwenye punje na kutoka na rangi inayong'aa, kazi imeishia hapo. Punje hizo haziliwi na mtu, wala hazipewi kuku. Dada yangu alibahatika tu kwamba alianza na sufuria badala ya ulimi, na bahati hiyo nayo ni ndogo, maana moto hauondoi dawa ya namna hiyo.

Sasa turudi kwenye mfuko. Nafaka ikishasagwa, umbo limepotea, na macho yanabaki na kazi ndogo. Kabla ya kufanya jambo jingine niliukung'uta mfuko juu ya gazeti na kufumua pindo la chini. Hili ni jambo ambalo watu hulisahau. Mifuko ya nyumbani hutumika mara nyingi, hasa tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku mwaka 2019 na kila mtu akaanza kutunza alichonacho, na punje nzima hujibanza kwenye mshono. Nilipata punje kama 15. Zilikuwa ndogo, za mviringo, za kahawia, na 6 kati yake zilikuwa na kitu kama uzi mfupi uliokauka ubavuni.

Uzi ule ni mzizi. Punje zilikuwa zimelowekwa, zikaoteshwa, kisha zikaanikwa. Yaani kilichokuwa ndani ya mfuko, kama punje zile na unga ule ni vya mzigo mmoja, kilikuwa kimea cha ulezi, kile kinachosagwa na kuchanganywa na ndizi mbivu zilizochemshwa ili kupata mbege, pombe ya asili ya Wachaga. Hilo lingeeleza pia kwa nini uji haukushika. Nafaka inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga vipande vipande ili chipukizi lipate chakula. Unapopasha moto unga wa kimea polepole, wanga huvimba na wakati huo huo vimeng'enya vinaukata, na unaishia na kinywaji chembamba chenye utamu kidogo. Uji wa dada haukuwa umeharibika. Ulifanya kile hasa ambacho kimea hufanya.

Lakini neno "kama" hapo juu ni zito. Punje za kwenye pindo zinaweza kuwa za mzigo wa mwaka juzi. Na nyumba inayotengeneza mbege haihifadhi kimea peke yake. Huhifadhi pia gome la msesewe, linalokaushwa na kupondwa ili kuipa mbege uchungu wake. Gome lililopondwa sana nalo ni unga wa kahawia unaoelekea wekundu, na nalo halishiki likichemshwa. Mtu aliyeridhika na jibu la kwamba "haushiki, basi ni kimea" angeweza kuwapikia watoto gome la mti.

Kilichonifaa ni jaribio ambalo halihitaji chochote kisichokuwepo jikoni. Nilipika uji mzito wa sembe, vijiko 6 vya chakula katika nusu lita ya maji, hadi ukachemka vizuri. Niliugawa katika bakuli tatu na kuuacha upoe mpaka kidole kikaweza kuugusa kwa sekunde moja tu bila kuvumilia zaidi, yaani karibu na nyuzi 60. Joto hilo ni muhimu: ukitia kimea kwenye uji unaochemka, vimeng'enya hufa mara moja, na ukisubiri hadi uwe vuguvugu, vitafanya kazi kwa uvivu. Bakuli la kwanza sikulitia kitu. La pili nilitia nusu kijiko cha unga wa ulezi wa kawaida niliotumwa kuununua mjini. La tatu nilitia nusu kijiko cha unga wa mfukoni. Kila bakuli lilikuwa na kijiko chake, na niliwakataza watoto kulamba, kwa sababu mate yetu nayo yana kimeng'enya cha kukata wanga, na kijiko kilicholambwa kingeharibu ushahidi wote.

Baada ya dakika 10 bakuli la kwanza na la pili lilikuwa vile vile, kijiko kimesimama. La tatu lilikuwa limelegea hata likamiminika kama maziwa. Gome haliwezi kufanya hivyo, na ulezi usiooteshwa ulishindwa mbele ya macho yetu. Shemeji, ambaye mpaka hapo alikuwa bado anatetea mtama wake, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri: je, mtama ukioteshwa?

Hapo ndipo jaribio linapofikia mpaka wake. Kimea cha mtama nacho hulainisha uji. Kwa hiyo bakuli la tatu linathibitisha kwamba kuna kimea, lakini halisemi cha nafaka gani. Na tofauti hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu chipukizi na mizizi ya mtama hubeba kiasi kikubwa cha kitu kinachozalisha sianidi, na ndiyo sababu anayetengeneza kimea cha mtama hutakiwa kuviondoa kabla ya kusaga. Ilibidi nirudi kwenye punje za pindoni, na pia nikachekecha vijiko viwili vya unga kwa chujio la chai. Makapi yaliyobaki yalikuwa madogo mno, madoa tu, ilhali ganda la mtama kwa kawaida huacha vipande vikubwa zaidi vilivyopinda. Ushahidi wa punje, makapi na bakuli ulikubaliana. Naomba pia ieleweke kwamba jaribio linaweza kukosea kwa upande mwingine: kimea kilichokaangwa kwa moto mkali hakilainishi chochote, hivyo bakuli lisilolegea halithibitishi kwamba si kimea.

Wapo watakaoniambia kwamba haya yote ni mzunguko mrefu wakati simu ipo. Nakubali, na jioni tulipopata mtandao nilimpigia mama mkubwa. Hata hivyo maoni yangu ni kwamba anayehifadhi unga bila maandishi angalau aweke konzi moja ya punje nzima, imefungwa katika kitambaa, ndani ya mfuko huo huo. Kalamu hufutika na karatasi huliwa na mende, lakini punje hujitambulisha yenyewe hata kwa mtu asiyejua kusoma. Nafaka itakayosagwa mashineni ndiyo hasa inayohitaji hilo, kwa kuwa ukishatoka mashineni huna tena pa kurudi.

Mama mkubwa alicheka sana. "Huo ni ulezi wangu wa mbege, mwanangu, nilioteshea harusi ya mdogo wako ikaahirishwa. Mliupikia watoto?" Nilimwambia walikunywa kidogo, wakasema ni mtamu. Akasema hakuna neno, kisha akauliza kama tumeugusa unga ulioko kwenye kopo la kahawa, rafu ya juu, kwa sababu huo ni msesewe.

Nilipanda kwenye kiti. Kopo lilikuwepo, na unga wake niliousugua kati ya vidole ulikuwa na nyuzinyuzi zilizochoma ngozi, bila weupe wowote ndani yake. Nilikata kipande cha gome kilichokuwa kimeegemea ukuta pale pale, nikakitumbukiza ndani ya kopo na kulifunga.