Picha ya sura iliyobadilishwa: metadata gani ifutwe, ipi ibaki

Desemba 2012 jarida la Vice lilichapisha mtandaoni picha ya John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, wakati huo akiwakwepa polisi wa Belize waliotaka kumhoji. Picha ilipigwa kwa iPhone 4S na faili lilibeba vipimo vya GPS. Wasomaji walivifungua wakajua yuko Guatemala.

Hatari hiyo haiondoki kwa kubadilisha sura. Chukulia mzazi aliyempiga mwanawe picha sebuleni, akambandika sura nyingine asitambulike, kisha akaiweka mtandaoni. Programu nyingine huandika faili jipya tupu. Nyingine, kama GIMP, zinaweza kubeba metadata ya picha ya awali, yaani taarifa zilizofichwa ndani ya faili kama mahali, saa na kamera. Hapo sura ni ya bandia, ila nyumba inajulikana kwa tofauti ya mita chache. Linalonitia hofu zaidi ni kijipicha kilichomo ndani ya faili. Kama programu haikukitengeneza upya, bado kinaonyesha sura halisi ya mtoto. Kitoe kwa exiftool, programu ya kusoma na kufuta metadata, ukione:

```
exiftool -b -ThumbnailImage picha.jpg > kijipicha.jpg
```

Ndiyo maana wengi hushauri kufuta metadata yote, na kwa mzazi huyu wana haki. WhatsApp hufuta metadata picha ikitumwa kama picha, lakini ikitumwa kama dokumenti inafika nayo yote.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Kufuta vyote kunaondoa jina la mpiga picha, na pia alama ya IPTC, shirika la viwango vya vyombo vya habari, iitwayo DigitalSourceType, ambayo humweleza mhariri wa habari kwamba picha imechanganywa na kazi ya akili bandia. Mtu ambaye sura yake imetumika bila ridhaa naye anapoteza uzi wa kufuatilia chanzo. Ni kweli mwenye nia mbaya atafuta tu, kwa hiyo alama haimzuii. Lakini mwenye nia njema akiifuta pia, kazi yake haitofautiki na ya tapeli.

Mimi nafuta vyote, kisha narudisha hiyo alama moja, kwa amri moja:

```
exiftool -all= -XMP-iptcExt:DigitalSourceType=http://cv.iptc.org/newscodes/digitalsourcetype/compositeWithTrainedAlgorithmicMedia picha.jpg
```

Fanya hivyo kwenye picha iliyokamilika, si kabla ya kubadilisha sura. Ukifuta mapema, alama ya Orientation, inayoeleza picha isimame upande gani, inaondoka, picha ya simu inaweza kulala ubavu, na programu ikashindwa kuona uso. Amri hiyo pia huacha nakala yenye kila kitu, `picha.jpg_original`. Usije ukaituma kwa bahati mbaya. Picha ya awali ibaki kwako bila kuguswa, pamoja na ridhaa ya mwenye sura, maana malalamiko yakitokea ndiyo itakayoonyesha ilipigwa lini na kwa kamera gani. Na kwa kuwa mitandao mingi hufuta hata alama uliyoirudisha, andika “sura imebadilishwa” juu ya picha yenyewe, mahali ambapo mtu hawezi kupakata na kupaondoa kirahisi.