Anga lililoungua: tengeneza ukingo kwanza, buluu baadaye

Anga lililoungua kwenye video huharibiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye kamera, mwanga unapozidi uwezo wa sensa. Mara ya pili ni mezani kwa mhariri, anapoichora maski ya gradienti, yaani eneo la kuhariri linalofifia taratibu, juu ya fremu na kuvuta mwanga chini akitumaini buluu itatokea. Haitokei. Kinachotokea ni weupe kugeuka kijivu, na kijivu hicho kinaudhi macho kuliko weupe wenyewe, kwa sababu mtazamaji ameshazoea kuona anga la mchana likiwa jeupe, ila hajawahi kuona jua likizungukwa na doa la rangi ya saruji.

Ninachoshikilia ni kwamba sehemu iliyokufa haifufuki, na haina haja ya kufufuka. Kinachoumiza jicho ni ule mpaka wake, pale mawingu yenye umbile yanapokatika ghafla na kuwa weupe mtupu. Ukilainisha mpaka huo, watu wengi hawatagundua kwamba anga liliungua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mteremko wa mwanga, yaani kuufanya mwanga upungue kasi taratibu kabla ya kufika kileleni, na maski ya gradienti inakuja baada yake. Wengi wanafanya kinyume, na ndiyo maana wanahangaika.

Kabla ya kugusa chochote, jua nini kimebaki. Fungua skopu ya Waveform, grafu inayoonyesha kiwango cha mwanga wa fremu. Anga lenye data huonekana kama ukungu uliotawanyika, una vilele na mabonde. Anga lililokufa huonekana kama mstari mnene ulionyooka, umejibana chini ya dari isiyoonekana. Sasa shusha Offset, kidhibiti kinachoshusha mwanga wote kwa pamoja, kidogo. Mstari ukishuka ukiwa bado umenyooka vilevile, hapo hamna kitu. Ukifunguka na umbile likajitokeza, basi data ilikuwa juu ya kiwango kinachoonyeshwa kwenye skrini, jambo ambalo hutokea sana kwa kamera zinazorekodi video ya kawaida huku zikihifadhi kiasi cha mwanga juu ya 100%. Hilo ni pato la bure, lichukue. Kipimo hiki kinachukua sekunde chache na kinakuokoa na saa nzima ya kuvuta kitu kisichokuwepo.

Nichukue mfano mmoja niende nao mpaka mwisho, ndani ya programu ya DaVinci Resolve. Mtu amesimama nje anaongea, nyuma yake kuna mstari wa vilima na mti mmoja ambao matawi yake yanapanda hadi juu ya fremu. Jua liko kushoto, nyuma ya wingu jepesi. Kamera ni ya Sony, imerekodi S-Log3, mfumo wa logi unaobana mwanga mwingi ndani ya faili, kwa biti 10. Kwenye kipimo cha 0 hadi 1023, S-Log3 huweka kijivu cha kati cha 18% kwenye 420, na karatasi nyeupe ya 90% kwenye 598. Kutoka hapo kwenda juu, kila stopu moja, yaani mwanga kuongezeka mara mbili, inachukua takriban namba 79. Katika picha yetu uso uko karibu na 400, mawingu ya kulia yanacheza kati ya 760 na 850, na upande wa jua umekwama kwenye mstari ulionyooka wa 886. Yaani kamera ilifika mwisho stopu 6 hivi juu ya kijivu cha kati.

Angalia jambo moja hapa: skopu za Resolve zinaonyesha picha baada ya nodi zote, yaani hatua zote za marekebisho. Ukiwa umeshaweka nodi ya Color Space Transform ya kupeleka S-Log3 kwenye Rec.709, kiwango cha rangi cha skrini za kawaida, namba hizi hutaziona mpaka uizime kwa muda. Izime, soma dari ya kamera, iandike pembeni. Namba hiyo, 886 kwa mfano wetu, ndiyo itakayoongoza kila kitu.

Kwa nini? Kwa sababu mpaka ule unaoumiza jicho unatokana na mwinuko unaokatika. Ndani ya mawingu mwanga unapanda taratibu kuelekea jua, halafu ukifika 886 kupanda kunakoma papo hapo. Jicho linaona kona hiyo kama ukingo uliokatwa kwa mkasi. Dawa ni kuufanya mwanga uanze kuchoka mapema, upande kwa kasi inayopungua, ili ukifika 886 kasi iwe imeshaisha. Hapo upande wenye umbile na upande uliokufa vinakutana vyote vikiwa vimetulia, na kona inatoweka.

Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na mazoea ya kuweka mteremko juu kabisa ya mkunjo, karibu na 1023. Juu ya 886 picha hii haina kitu. Mteremko uliowekwa hapo unalainisha mahali patupu, na kona inabaki palepale. Vitelezi vya Soft Clip navyo vina matatizo yaleyale ukivisogeza kwa kukisia: hufanya kazi vizuri ukijua dari iko wapi, vinginevyo unasukuma tu.

Kwa hiyo katika nodi ya kwanza baada ya kusawazisha picha, fungua mkunjo wa Custom. Funga nukta kwenye 740 ili chochote kilicho chini yake kisiguswe. Uso, nguo na vilima vyote viko huko. Kisha weka nukta nyingine pale ambapo ingizo ni 886, uishushe hadi 830. Kutoka hapo kwenda kulia mkunjo ulale. Kati ya 740 na 886 upinde uwe wa taratibu, bila kigoti. Unajua umepatia pale ambapo ukungu wa mawingu kwenye Waveform unaanza kuuyeyukia ule mstari mnene bila kona. Ukiona umbile la mawingu ya kulia limekuwa kama uji, umeanza mteremko mapema mno. Panda hadi 770 ujaribu tena.

Halafu fungua skopu ya Parade, uangalie nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Hizi chaneli hazifi pamoja. Katika anga la buluu, buluu hufika dari kwanza, kijani ikafuata, na nyekundu ikabaki nyuma. Ndiyo maana ukanda unaozunguka weupe mara nyingi huonekana wa samawati inayoelekea kijani. Jioni mambo hugeuka, nyekundu inakufa kwanza na rangi ya chungwa inakuwa njano kali yenye mpaka. Mteremko wa mwanga peke yake hauondoi ukanda huo. Ninachofanya ni kutumia mkunjo wa Lum Vs Sat, nikipunguza ukolezi wa rangi taratibu kuanzia palepale mteremko unapoanza, hadi karibu sifuri kwenye dari. Rangi inafifia pamoja na umbile, na huo ndio mwenendo ambao macho yetu yanauona wa kawaida kwa mwanga mkali.

Sasa ndipo maski ya gradienti inapata kazi ya maana. Weka nodi mpya baada ya mkunjo na kabla ya Color Space Transform, uchague dirisha la Gradient, kichwa chake kikiwa juu na ulaini wake ukishuka hadi karibu na vilima. Shusha Offset mpaka anga lishuke namba 40 kwenye Waveform, yaani nusu stopu. Kwa kuwa bado tuko ndani ya logi, kushusha Offset ni sawa na kupunguza mwanga wenyewe, na rangi haziyumbi. Mawingu ya kulia yanashuka hadi kwenye sehemu ambayo ubadilishaji wa Rec.709 una kontrasti ya kutosha, umbile linajitokeza. Upande wa jua unashuka kutoka 830 hadi 790.

Washa tena Color Space Transform usome eneo la jua. Mimi huwa nataka libaki kati ya 930 na 970 hivi. Likianguka chini ya 900, kijivu kinaanza kunukia, na hapo narudisha Offset juu hata kama mawingu yatapoteza kidogo. Jua lina haki ya kuwa jeupe. Sijawahi kuona anga lililoshushwa kwa stopu mbili kwa gradienti likabaki la kuaminika wakati nchi iliyo chini yake imeangazwa na jua hilohilo.

Nafasi ya nodi hii si suala la ladha. Wengine hutumia LUT, jedwali la kubadilisha rangi, badala ya Color Space Transform. LUT nyingi hukata kila kitu kinachozidi kiwango chake, na ukivuta mwanga baada ya LUT unavuta weupe uliokwisha kukatwa mara ya pili. Fanya jaribio: weka LUT ya aina hiyo pale pa Color Space Transform, hamisha nodi ya gradienti uiweke baada yake, kisha uangalie mawingu ya 850. Umbile lililokatwa na LUT halirudi.

Kuna ule mti. Gradienti haijui tofauti ya tawi na wingu. Itayafanya matawi ya juu kuwa meusi kuliko shina, na kila mtu ataona. Katika nodi hiyohiyo washa Qualifier, kifaa kinachochagua sehemu kwa rangi au mwanga wake, uache Luminance peke yake, na upandishe Low mpaka matawi na kichwa cha msemaji vitoke kwenye maski. Resolve inachukua pale dirisha na Qualifier zinapokutana tu, kwa hiyo gradienti sasa inagusa anga pekee. Bonyeza Shift+H uone maski ilivyo. Ongeza ukungu kidogo kwenye kingo zake, lakini kwa mkono mwepesi: ukizidisha, anga lililo jirani na matawi halitashuka na utapata uzi mweupe unaozunguka kila jani na kila unywele. Ukiuona uzi huo, punguza ukungu kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kamera ikiinama au kuinuka, gradienti lazima iifuate, na usiiruhusu ifuate mawingu, maana mawingu yana safari yao. Chora dirisha dogo juu ya vilima, lifuatilie hilo, kisha nakili data yake uibandike kwenye gradienti.

Haya yote yanaegemea biti 10. Kwa biti 8 hesabu inabana vibaya: stopu moja ya S-Log3 inapata ngazi 20 hivi tu, kwa hiyo anga laini lenye tofauti ya nusu stopu lina ngazi 10 za kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukilitanua, michirizi inajitokeza. Chembechembe kidogo za greni baada ya ubadilishaji huificha michirizi hiyo kiasi, ila kwa picha za namna hiyo mimi huishia kwenye mteremko na Lum Vs Sat, gradienti naiacha. Kwa faili za raw, upande mwingine, anza na kisanduku cha Highlight Recovery kwenye Camera Raw kabla ya kusoma dari, kwa sababu kinajenga upya mwanga kutoka kwenye chaneli ambayo haijafa, na dari yako itahama.